Mshahara wa Jaji Hausubiri Kura

Masika yalikuwa yamekolea tulipomshusha mama mdogo kwa machela. Kwetu milimani Usambara si kila nyumba imefikiwa na barabara, na bodaboda hawapandi njia zetu udongo ukishalowa. Vijana sita walipokezana, wanne wamebeba, wawili wanapumzika, na mimi nikatangulia na tochi nikitafuta mahali pa kukanyaga. Tulitumia karibu saa mbili hadi barabarani, kisha tukapata gari la mboga lililokuwa likielekea sokoni, akalazwa juu ya magunia ya kabichi.

Kituoni muuguzi alimpokea vizuri. Alimpima, akamlaza, akampa pole. Kisha akanigeukia na kikaratasi: glovu jozi nne, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, sindano ya kuzuia damu. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na tangazo kwamba huduma kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure.

"Dada, mbona hapo pameandikwa bure?"

"Kaka yangu, bure ni huduma. Vifaa vimekwisha tangu mwezi uliopita. Unataka nimzalishe kwa mikono mitupu?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo, kwa sababu yeye hakuwa na kosa. Alikuwa peke yake zamu ya usiku, anaomba glovu kwa wagonjwa ili asiwaue wagonjwa. Nilivuka barabara, nikamgongea mwenye duka, nikanunua kwa fedha iliyokuwa ya mbolea. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri. Ni mzima, na sasa anakimbiza kuku.

Baadaye nilimsimulia rafiki yangu aliyesoma stashahada ya sheria pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Wasioijua Lushoto waelewe jambo hili: mji wetu mdogo wa mapeasi na baridi ndiko wanakofunzwa mahakimu na makarani wa mahakama wa nchi hii, na majaji nao hupanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, kuja kunolewa. Sheria ya Tanzania inafundishwa kwenye mlima uleule tunaoshushia wagonjwa kwa machela. Nikamwuliza: je, ningeweza kushtaki?

Akacheka. "Kwa ibara ipi?"

Makala haya ni jibu langu kwa kicheko hicho.

Rafiki yangu alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu anajua Katiba ilivyojengwa. Katiba ya 1977 ina Ibara ya 11, inayosema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kufanya kazi, kujipatia elimu na kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ukiisoma peke yake utafurahi. Lakini ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, yenye malengo na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, na mlangoni mwa sehemu hiyo kuna mlinzi. Mlinzi ni Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote, na kwamba hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama kitendo, sheria au hukumu fulani inalingana nayo. Nyumba ya kuishi haikupata hata nafasi ya kusimama nyuma ya mlinzi huyo. Haimo.

Haki za kusema, kukusanyika na kutokamatwa ovyo zimo katika Sehemu ya Tatu, iliyoingizwa na mabadiliko ya 1984, na hizo unaweza kuzipeleka Mahakama Kuu. Kwa hiyo polisi akinipiga kofi nina kesi. Zahanati ikikosa glovu nina sera. Sera ya Afya ya 2007 ndiyo iliyoahidi uzazi bila malipo, na ndiyo iliyozaa tangazo lile la ukutani. Tofauti ya sera na haki ni rahisi: haki ikivunjwa kuna mtu wa kuulizwa na mahali pa kumwulizia. Sera ikivunjwa, unavuka barabara kwenda duka la dawa.

Wanaoutetea mpangilio huu si wajinga, na hoja yao niliisikia kwa rafiki yangu kabla hajamaliza kucheka. Mahakama haina kapu la fedha. Bajeti ni kazi ya Bunge, kwa sababu wabunge wamechaguliwa na majaji hawakuchaguliwa. Jaji akiagiza glovu kwa kituo kimoja, atakuwa ameziondoa katika kituo kingine asichokiona. Na nchi ni maskini. Amri ya mahakama haichapishi noti.

Nianze na kapu. Inadaiwa kwamba kila shilingi ya umma husubiri kura ya Bunge, mwaka kwa mwaka, na hakuna anayeruka foleni. Si kweli, na Katiba yenyewe inasema si kweli. Soma Ibara ya 141: deni la taifa dhamana yake ni Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Soma Ibara ya 142: mishahara ya Rais, ya majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, hulipwa kutoka mfuko huohuo kwa amri ya Katiba. Haiingii katika mjadala wa kila Juni kuhusu nani apate na nani akose.

Sipingi jambo hilo. Jaji ambaye mshahara wake unasubiri huruma ya wanasiasa hawezi kuwahukumu wanasiasa, na anayetukopesha lazima ajue atalipwa. Ninachosema ni kwamba mwanzoni kabisa, mtu alikaa akaamua kuna malipo muhimu mno kuachiwa kura. Akaorodhesha mkopeshaji. Akaorodhesha jaji. Mama mjamzito wa Usambara hakuorodheshwa, akaambiwa asubiri kulingana na hali ya uchumi. Kwa hiyo ubishi wetu hauhusu kama sheria inaweza kuilazimisha Serikali kutumia fedha. Inailazimisha kila mwezi. Ubishi ni kwa ajili ya nani.

Na mahakama zetu je, hazijawahi kuiamuru Serikali kutumia fedha? Zimewahi, na Dar es Salaam inanuka ushahidi.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Baraza la Jiji la Dar es Salaam katika kesi inayojulikana kwa jina la Joseph Kessy. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake zote mtaani kwao: moshi mchana na usiku, nzi, harufu, watoto wanakohoa. Mahakama ikaliamuru liache na litafute mahali pengine. Jiji likaomba muda. Likapewa. Likaomba tena. Hoja yake ilikuwa ileile tunayoijua: hatuna mahali, na matayarisho yanataka fedha. Mwishowe Jaji Lugakingira alichoka. Alisema hajawahi kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Na katika kukataa ombi hilo aliegemea Ibara ya 14, ile inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake.

Tazama alichofanya. Hakugusa Ibara ya 11. Hakubishana na mlinzi wa Ibara ya 7(2). Alipita mlango mwingine, ulio wazi, katika Sehemu ya Tatu. Haki ya kuishi haikomei kwa kutonyongwa. Inaposema "hifadhi ya maisha", inasema kuna mtu mwenye wajibu wa kuhifadhi.

Lakini hadithi haikuishia kwa ushindi, na wanaonipinga wana haki ya kuisikia yote. Jiji liliondoa taka Tabata, likazipeleka Kunduchi Mtongani, palipokuwa pia makazi ya watu. Watu 795, Festo Balegele na wenzake 794, wakafungua shauri namba 90 la 1991. Jaji Rubama akawapa ushindi kwa Ibara ya 14 ileile, na safari hii amri ilikuwa na meno zaidi: uamuzi wa kutumia eneo lile ulitenguliwa, Jiji likakatazwa kuendelea, na likaamriwa kuandaa dampo linalofaa mahali ambapo halitahatarisha afya za watu. Dampo linalofaa linataka ardhi, barabara, mitambo na wafanyakazi. Hiyo ni amri ya kutumia fedha, hata kama neno "fedha" halikuandikwa. Mbingu hazikuanguka na Bunge halikuvunjika.

Kesi hizi mbili zimenifundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba mahakama inaweza. La pili, kwamba amri ya "acha" bila ufuatiliaji huhamisha tatizo kutoka kwa aliyeshtaki kwenda kwa ambaye bado hajashtaki. Wale wanaoogopa glovu kuhamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine wameogopa kitu cha kweli. Kosa lao ni kudhani dawa yake ni mahakama kunyamaza, wakati dawa yake ni mahakama kubaki na jalada wazi.

Majirani zetu wa Uganda wamefika mbele kidogo kwenye njia hii, tena kwa suala lilelile lililonipeleka duka la dawa. Mwaka 2011 shirika la CEHURD, pamoja na wenzake, lilifungua shauri namba 16 katika Mahakama ya Katiba ya Uganda kuhusu wajawazito wawili, mmoja aliyefia hospitali ya Mityana na mwingine Arua. Walikuwa wamefika hospitali. Hawakufia njiani, hawakufia kwa mganga wa kienyeji. Walifia mbele ya huduma ambayo haikutolewa, na familia zikasema huduma hiyo ilitanguliwa na madai ya fedha na vifaa.

Serikali ikajibu kama rafiki yangu. Hili ni suala la kisiasa, mambo ya bajeti si ya majaji. Mwaka 2012 mahakama ikakubali na kulitupa shauri bila hata kusikiliza ushahidi. Wakakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema la: kazi ya Mahakama ya Katiba ni kuamua kama kitendo au kutotenda kunavunja Katiba, na haiwezi kuikimbia kazi hiyo kwa sababu jibu lina gharama. Shauri likarudishwa. Agosti 2020, miaka tisa tangu kufunguliwa, mahakama ikaamua kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kulivunja haki ya afya, haki ya kuishi na haki za wanawake.

Soma amri zake kwa makini, maana humo ndimo lilimo jibu la swali zima. Mbali na fidia kwa familia, mahakama haikuandika tarakimu yoyote ya bajeti. Haikusema wizara ipewe kiasi gani wala ikatwe kwa nani. Iliiagiza Serikali kutenga fedha za kutosha za huduma za uzazi katika bajeti ya taifa. Ilimwagiza waziri wa afya kuhakikisha, ndani ya miaka miwili ya fedha, kwamba wahudumu wanapata mafunzo na vituo vinapata vifaa. Ikataka ukaguzi wa hali ya afya ya uzazi ufanywe, na taarifa ifike bungeni. Kwa maneno mengine, mahakama haikushika kalamu ya bajeti. Ilimtaka mwenye kalamu aandike, kisha aonyeshe alichoandika, na aonyeshe mbele ya walewale waliochaguliwa. Hoja kwamba majaji wanawapora wabunge kazi yao inakufa hapo.

Utaniambia Uganda si Tanzania, na Katiba yao haina mlinzi kama wetu. Basi twende India, alikotoka mlinzi wetu. Kifungu cha namna hii kilianza Ireland mwaka 1937, kikaingia Katiba ya India ya 1950, na sisi tukakichukua miaka mingi baadaye. Wahindi wana ukuta uleule. Mwaka 1992 kibarua mmoja wa Bengali Magharibi alianguka kutoka kwenye treni, akaumia kichwa. Hospitali za serikali moja baada ya nyingine zilimkataa, hii haina kitanda, ile haina kipimo, mpaka akatibiwa hospitali binafsi kwa fedha yake. Mwaka 1996 Mahakama Kuu kabisa ya India iliiamuru serikali ya jimbo kumlipa fidia ya rupia 25,000 na kuboresha huduma za dharura, ikaeleza kwamba dola haiwezi kujivua wajibu wa kuhifadhi maisha kwa kisingizio cha ukosefu wa fedha. Ibara waliyoitumia ni ya haki ya kuishi. Mlinzi wao bado amesimama mlangoni hadi leo. Walipita pembeni yake tu, kama Lugakingira alivyopita.

Inabaki hoja ya umaskini, na hii ndiyo ninayoiheshimu. Kuna siku jibu sahihi la mahakama ni "hapana". Mwaka 1997, mgonjwa wa figo wa Durban aliiomba mahakama ya Afrika Kusini iamuru asafishwe damu katika hospitali ya umma. Mashine zilikuwa chache, hospitali ilikuwa na vigezo vya wazi vya nani apewe nafasi, na ilivifuata. Mahakama ilikataa ombi lake, naye akafariki. Ni hukumu chungu, lakini ilitolewa baada ya hospitali kueleza ina mashine ngapi, wagonjwa wangapi, na inachaguaje. Umaskini ulithibitishwa. Huko Kenya, Katiba ya 2010 imeliandika hilo waziwazi katika Ibara ya 20(5): Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki ya afya au makazi, ni juu yake kuonyesha hazipo. Kwetu "hatuna fedha" ni mwisho wa mazungumzo. Ninachotaka kiwe mwanzo wake.

Maana glovu si mashine ya figo. Hebu tuliwazie shauri hilo ambalo rafiki yangu alilicheka, lifunguliwe Mahakama Kuu kwa Ibara ya 14. Mleta maombi hahitaji kuthibitisha kwamba nchi ni tajiri. Anahitaji tangazo la ukutani, risiti za duka la dawa, na wanawake kadhaa wa kata yake wenye risiti kama zake. Halafu anaomba kituo kitoe leja yake. Kila kituo cha umma kina leja ya dawa na vifaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kwa tarehe. Leja itaonyesha glovu ziliisha lini na zikakosekana siku ngapi. Kuna pia maombi ambayo kituo kilipeleka Bohari ya Dawa, na kilicholetwa. Ukiweka karatasi hizo pamoja, utaona pengo liko wapi: kituo hakikuagiza, au kiliagiza hakikuletewa, au kiliagiza pungufu kwa sababu fedha haikufika kutoka juu. Kila jibu lina mwenye kulijibu, na kwa sasa hakuna anayemlazimisha ajibu.

Jaji hahitaji kujua bei ya glovu. Anahitaji kuuliza: mliahidi hiki, hakikuwepo siku hizi, kwa nini? Kisha aseme: nipeni mpango ndani ya miezi kadhaa, mrudi hapa na leja za wilaya nzima, siyo za kituo hiki peke yake. Hilo la wilaya nzima ndilo somo la Tabata, ili mzigo usihamishiwe kijiji cha pili. Na hilo la kurudi ndilo somo la Irene Grootboom, aliyeshinda kesi maarufu kabisa ya makazi barani Afrika mwaka 2000, na akafariki mwaka 2008 akiwa bado kwenye kibanda. Mahakama ilimpa tamko zuri, ikafunga jalada.

Najua sheria hairuhusu kukamata mali ya Serikali ili kulipia hukumu. Huwezi kuburuta gari la halmashauri kwa sababu ya glovu, na sitaki. Mahakama ikitoa amri isiyotekelezwa itaaibika, na ndiyo maana majaji wengi wanaona heri wasiitoe. Lakini aibu ya amri iliyopuuzwa inamwangukia aliyeipuuza, na inabaki kwenye kumbukumbu. Aibu ya kutouliza inamwangukia jaji.

Nilimrudia rafiki yangu na haya yote. Hakucheka. Alisema chuoni kesi ya Balegele walifundishwa kwenye somo la mazingira. Nikamwambia huenda tatizo letu limeanzia hapo: tumeiweka kwenye rafu ya taka, wakati ilikuwa kesi ya afya na makazi, ya watu 795 waliotaka kulala bila kuvuta sumu, na jaji aliyeiambia mamlaka itumie inachopaswa kutumia.

Watakaohukumu kesi hizo wapo Lushoto sasa hivi, wamejifunika masweta, wanakariri Ibara ya 7(2). Ninawaomba wageuze kurasa chache mbele hadi Ibara ya 14. Na siku watakapopewa ujaji, mshahara ukaingia mwisho wa mwezi bila kusubiri kura ya mtu, wakumbuke kwamba Katiba inajua kulipa inapotaka. Kikaratasi cha yule muuguzi bado ninacho. Kimekunjwa mara nne, pamoja na risiti ya duka la dawa.